Mchaniko wa njia ya haja kubwa: kwa nini maumivu yanabaki hata ukishatoka chooni

Dereva wa lori mwenye miaka 34 alifika kliniki yetu ya upasuaji akiwa ameshajitibu bawasiri kwa wiki tatu. Choo chake kilikuwa kigumu, na kila akienda haja kubwa alihisi kama anakatwa na wembe. Damu nyekundu mbichi, matone machache, ilibaki kwenye karatasi. Kilichomchosha zaidi ni maumivu ya baadaye, yaliyodumu saa moja au mbili hata asiweze kukaa kwenye usukani.

Maelezo hayo pekee yanatosha kumfanya daktari ashuku mchaniko, kwani bawasiri ya ndani hutoa damu lakini mara nyingi haiumi. Tulipotenganisha matako taratibu, mpasuko ulionekana upande wa nyuma, kuelekea mfupa wa mkia, ambako michaniko mingi hutokea. Kidole hatukuingiza siku hiyo, tungemtesa bure.

Choo kigumu ndicho kilichochana ngozi, ila kinachozuia kupona ni msuli. Msuli wa ndani unaofunga njia hiyo hukaza wenyewe, mtu hauamrishi, na kidonda kikiuchokoza hukaza kupita kiasi. Hapo huuma, tena huibana mishipa ya damu, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakifungi. Mgonjwa naye anaogopa choo, anakizuia, kinazidi kukauka, na kikitoka kinachana palepale.

Kwa hiyo tulianza na choo. Alipewa dawa ya maji ya kulainisha choo, laktulosi, akaongeza maji ya kunywa, maharage, mboga za majani na ugali wa dona. Kila baada ya haja alikaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, bila chumvi wala dawa ya kuua vijidudu, ili msuli ulegee. Akapaka pia dawa ya kulegeza msuli, diltiazemu ya asilimia 2, mara mbili kwa siku. Ipo dawa nyingine ya kupaka, gliserili trinitreti, lakini huumiza kichwa, na anayetumia vidonge vya nguvu za kiume kama sildenafili asiiguse, kwa sababu presha inaweza kushuka vibaya.

Wiki ya pili maumivu yalipungua. Hapo ndipo wengi huacha dawa, choo kinarudi kuwa kigumu na kidonda kinafunguka upya. Yeye aliendelea hadi wiki ya nane, kikafunga.

Mchaniko mpya mara nyingi hupona ndani ya wiki sita. Ukipita wiki nane licha ya matibabu, kuna sindano ya kulegeza msuli, au upasuaji mdogo wa kukata sehemu yake, ambao huponya wengi ingawa wachache hubaki na shida ya kuzuia hewa au choo.

Lakini mchaniko ulio ubavuni, michaniko mingi kwa pamoja, usaha, homa, kukonda, au damu iliyochanganyika ndani ya choo huhitaji uchunguzi mapema, maana chanzo kinaweza kuwa jipu, kifua kikuu cha utumbo, VVU, kaswende au saratani.