Elimu kwa umma: Kwa nini fimbo iliyojaribiwa kwa tani mbili inaweza kuharibiwa na kilo 50 zinazoanguka

Kitengo chetu cha ukaguzi wa vifaa vya kunyanyulia mizigo kimekuwa kikipokea malalamiko kutoka kwa wenye karakana na wakandarasi ambao fimbo zao za kuning'inizia mizigo zimeondolewa kazini baada ya kugongwa na kitu kilichoanguka. Hoja yao karibu wote ni moja: fimbo ilijaribiwa kwa tani mbili, cheti kipo, na kilichoanguka ni kilo 50 tu. Hatuna shaka na cheti hicho. Shida ni kwamba hakijibu swali linaloulizwa.

Tuchukue fimbo ya kawaida ya chuma laini, yenye kipenyo cha milimita 16 na urefu wa mita 2, iliyofungwa juu kwenye boriti na kuwekewa sahani ya kuzuia mzigo chini. Ukiikata kwa upana, uso wa mkato wake una eneo la milimita za mraba 201. Mzigo wa tani mbili, ukiwekwa taratibu, huleta ndani yake mkazo wa takriban nyutoni 98 kwa kila milimita ya mraba, nacho chuma hicho huanza kurefuka bila kurudi kinapofika kwenye nyutoni 250 hivi. Jaribio linapita na kubakiza nafasi kubwa. Sasa chukua kipande cha chuma cha kilo 50, sawa na uzito wa mfuko wa saruji, ukitundike polepole kwenye sahani. Mkazo ni nyutoni 2.44 tu kwa milimita ya mraba, na fimbo inarefuka kwa milimita 0.0244, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Kipande hichohicho kikiachiwa kuanguka sentimita 10 kando ya fimbo na kuigonga sahani, mambo hubadilika. Kinapofika chini kimekwisha kukusanya nishati, na hakiwezi kusimama mpaka fimbo irefuke kiasi cha kuimeza nishati hiyo yote. Kwa kuwa chuma ni kigumu na hurefuka kidogo sana, nguvu inayohitajika kukisimamisha ndani ya safari fupi namna hiyo inakuwa kubwa mno. Wahandisi hulinganisha kazi inayofanywa na uzito unaposhuka na nishati inayohifadhiwa na fimbo, na matokeo yake ni kanuni hii:

σ = σs × [1 + √(1 + 2h/δs)]

Hapa σs ni mkazo wa mzigo uliotulia, δs ni urefu unaoongezeka chini ya mzigo huo uliotulia, na h ni kimo cha kuanguka. Kwa fimbo yetu, 2h/δs ni milimita 200 kugawanya kwa 0.0244, yaani takriban 8,200. Kipeuo chake cha pili ni karibu 90.5, na ukiongeza moja unapata 91.5. Mkazo unapanda kutoka 2.44 hadi 223. Fimbo imehisi kama imetundikwa tani nne na nusu na zaidi, ilhali aliyeshuhudia ataapa kwamba kilikuwa kitu cha kilo 50. Kimo kikifika sentimita 13, mkazo unapita 250.

Dhana moja inayotuchosha, na tuseme hivyo kwa heshima, ni ile ya kwamba kitu kisipoanguka kutoka juu hakuna pigo. Weka h kuwa sifuri katika kanuni: jibu ni mara 2 ya σs. Mzigo unaogusa sahani kisha ukaachiwa wote kwa mara moja huleta mkazo maradufu, hata kama haukuanguka milimita moja. Ukianguka sentimita 1 tu, mkazo wa fimbo yetu unakuwa karibu mara 30 ya ule wa utulivu. Ndiyo sababu mkaguzi huuliza kama cheni ilikuwa imelegea kabla mzigo haujakamatwa. Haulizi ili kupoteza muda wenu.

Dhana ya pili ni kwamba dawa ni fimbo nene. Ukipandisha kipenyo kutoka milimita 16 hadi 32, unatumia chuma mara nne, na kwa mzigo uliotulia mkazo unashuka hadi robo. Kwa pigo lile la sentimita 10 mkazo unashuka hadi 111 tu, yaani nusu, kwa sababu fimbo nene ni ngumu zaidi na inamsimamisha mgeni wake kwa ghafla zaidi. Nusu hiyohiyo ungeipata kwa kuacha unene ulivyo na kurefusha fimbo hadi mita 8. Na ukiweka chini ya sahani mpira unaobonyea milimita 5 kwa kilo 50 zilizotulia, mkazo kwenye fimbo ya awali unashuka hadi nyutoni 18 hivi. Mpira huo, ambao mafundi wengi huutoa kwa sababu unaonekana kama uchafu, umefanya kazi kubwa kuliko kilo zote za chuma zilizoongezwa.

Sehemu inayostahili kuangaliwa kwa makini ni mwisho wa fimbo, penye nyuzi za kufungia nati. Mizizi ya nyuzi hizo huacha eneo la milimita za mraba 157 hivi badala ya 201, hivyo nguvu ileile inayoleta 223 katikati ya fimbo huleta takriban 285 kwenye nyuzi. Hapo ndipo chuma hukubali kuvutika. Fundi kerezo akipunguza mwili wote wa fimbo hadi eneo la nyuzi, fimbo nzima hushiriki kurefuka na mkazo unakuwa kama 253. Bado ni juu ya kikomo, lakini umepungua kwa kuondoa chuma. Bolti nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya mapigo huwa na kiuno chembamba kwa sababu hiyo.

Kanuni yetu ina mipaka, nayo ielezwe. Inachukulia kwamba fimbo haina uzito, kitu hakirudi juu baada ya kugonga, hakuna nishati inayopotea na chuma hakijapita kikomo cha kunyumbuka. Fimbo yetu ina takriban kilo 3.2, kidogo kulinganisha na 50, kwa hiyo kosa la hapo ni dogo. Mfuko halisi wa saruji, kwa kuwa ni laini, ungeleta mkazo mdogo kuliko kipande cha chuma. Mkazo unapopita 250, namba zinazotoka kwenye kanuni si za kuaminiwa tena. Fimbo itakuwa imeanza kurefuka bila kurudi.

Kuhusu utaratibu: fimbo iliyogongwa isirudishwe kazini kwa kupakwa rangi, wala isijaribiwe upya kwa tani mbili kana kwamba jaribio hilo linafuta pigo, maana mkazo wa 98 hauwezi kufichua nyuzi zilizokwisha kuvutika. Mwenye kifaa akifungie lebo ya kuzuia matumizi na aandike tukio katika daftari la vifaa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mwajiri wa Tanzania Bara anawajibika kwa usalama wa vifaa anavyowapa wafanyakazi, na kukiuka wajibu huo ni kosa. Mkaguzi atahitaji uzito wa kitu kilichoanguka, kimo chake, na urefu kati ya alama mbili zilizopigwa kwa panchi wakati fimbo ilipokuwa mpya. Wasiokuwa na alama hizo wazungushe nati kwa mkono hadi mwisho wa nyuzi. Ikikwama mahali ilipokuwa ikipita bila taabu, nyuzi zimevutika na fimbo hiyo ikatwe vipande viwili kabla ya kutupwa, ili asiokote mwingine akaitumia.