Skrinshoti 19 za grupu la sendofu: nani aliamua nini, lini, na nani anamdai nani

Mimi kazi yangu ni ukatibu. Naandika mihtasari ya vikoba na kamati za sherehe hapa Moshi, na siku hizi nusu ya kazi haitoki kwenye kikao, inatoka kwenye simu, mtu anakurushia skrinshoti za grupu anakwambia "katibu, tutolee humo tulichokubaliana". Juni 2025 mweka hazina wa kamati moja ya sendofu alinirushia 19, kumi na mbili za simu yake na saba za simu ya shemeji yake kwa sababu yeye alishafuta chati za siku mbili. Nawaonyesha nilivyozifanya hizo.

Kabla sijasoma hata meseji moja, nazipanga. Picha ikipita Watsapu inabadilishwa jina, inakuja `IMG-20250615-WA0012.jpg`, na hiyo tarehe ni ya siku picha iliporushwa, sio siku skrinshoti ilipopigwa. Nikamwomba azitume upya kama dokyumenti, hapo jina la mwanzo linabaki, mfano `Screenshot_20250612-080512.png`, yaani 12 Juni saa mbili na dakika tano asubuhi. Naihitaji kwa sababu kwenye chati yenyewe mara nyingi hakuna tarehe, kumeandikwa `Today` au `Yesterday`, na hiyo jana ni jana ya siku aliyopiga picha, wewe unaisoma siku nne baadaye. Halafu naunganisha: meseji ya mwisho ya picha moja lazima nikutane nayo tena juu ya picha inayofuata. Nisipoiona, pana pengo, naandika kabisa "hapa kuna pengo" na silijazi kwa kukisia. Kwenye hizi 19 lilikuwepo moja, baada ya picha ya 8.

Sasa simu mbili zina mtego ambao umeshawagombanisha watu. Meseji za upande wa kulia hazina jina, ni za mwenye simu. Kwenye picha za mweka hazina kulia ni yeye, kwenye zile saba kulia ni shemeji. Kulikuwa na meseji ya kulia inasema "nimekopa 50 kwa mjomba nimeweka mafuta", ukiichanganya hiyo unamtwisha mama wa watu deni la shemeji yake. Na majina ya kushoto ni vile mwenye simu alivyosevu, kwa mmoja mtu anaitwa "Mjomba", kwa mwingine "Baba Machame", nikajua ni yule yule kwa sababu meseji moja, dakika ile ile, ipo kwenye simu zote mbili.

Kulinganisha simu mbili ndiko kulikoniokoa kwenye ukumbi pia. Picha moja inasema advansi ni 350,000, nyingine meseji hiyo hiyo saa hiyo hiyo inasema 300,000. Nikaangalia pembeni ya saa, ile ya pili ina neno `Edited`. Watsapu inamruhusu mtu kurekebisha meseji ndani ya dakika 15 na saa inayoonekana inabaki ile ya mwanzo, kwa hiyo yenye `Edited` ndiyo ya baadaye. Nikaandika 300,000, na bado nikaomba risiti ya ukumbi.

Upande wa maamuzi mimi nina swali moja tu, nani amefunga hoja? Shangazi alipendekeza ndafu wawili, zikamwagika dole gumba nne, ukisoma haraka unasema imepita. Lakini dole gumba inaweza kuwa "nimeona" tu. Chini kidogo mtu akauliza bei ya mbuzi, wakavutana, na 11 Juni 22:40 mwenyekiti akaandika "basi ndafu mmoja, tufunge hiyo", wakafuata watu watatu "sawa", na wawili kati yao walikuwa wamejibu juu ya meseji yake, ile ya mwenyekiti inaonekana kwenye kiboksi. Sawa ya tatu ilikuwa peke yake, sikuihesabu. Kesho yake shangazi anaandika "nimeshaongea na mchinjaji, wawili". Hiyo sio uamuzi, ila huwezi kuiacha maana mchinjaji anajiandaa. Nikaiweka kwenye sehemu ya mambo ambayo hayajaisha.

Tarehe za mwisho nazigeuza zote ziwe siku na tarehe. "Ahadi zote Ijumaa wiki ijayo" iliandikwa Jumatano tarehe 11, kwa hiyo ni Ijumaa 20 Juni. Iliyonisumbua ni ya anayeleta orodha ya wageni, kaandika "kesho asubuhi saa nne" na simu inaonyesha 00:17 ya Alhamisi tarehe 12. Kwa simu kesho ni Ijumaa. Lakini mtu ambaye hajalala, kwake bado ni Jumatano usiku, kesho ni kukipambazuka. Nikampigia, ni Alhamisi kweli, na saa nne ni saa nne yetu, 10:00. "Mshahara ukitoka" mimi siiandiki kama tarehe, naandika "hajataja siku".

Madeni ndio naenda polepole zaidi, maana ahadi, pesa iliyoingia na pesa ya mfukoni kwa mtu ni vitu vitatu tofauti na grupuni vinaandikwa kwa neno moja tu, "nimetoa". Kaka wa Dar aliahidi 250,000, akaandika "nimetuma laki". Sikuihesabu mpaka nilipoona mweka hazina amejibu "imeingia", kwa hiyo kabakiwa na 150,000. Mjomba aliahidi 200,000 ila alilipa mwenyewe ile advansi ya 300,000 na akasema "mkate ahadi yangu humo", basi kamati inamrudishia 100,000. Dada wa Majengo aliahidi 150,000 na kalipia keki 80,000 mfukoni kwake. Hapa wengi wangekata waandike anadaiwa 70,000. Hajasema zikatwe. Nikamwandikia mistari miwili, kamati inamrudishia 80,000, yeye analeta 150,000. Na ile 50,000 ya mafuta ni ya shemeji na mjomba, nimeiandika chini peke yake kwa sababu grupuni hakuna aliyesema kamati inabeba mafuta.

Nilichorudisha kilikuwa kifupi, kila mstari na namba ya picha:

Yaliyoamuliwa: ndafu mmoja (picha 6). Tarehe: ahadi zote Ijumaa 20 Juni (picha 4). Kamati inadai: kaka 150,000 hajataja siku (picha 11), dada 150,000 (picha 3). Kamati inadaiwa: mjomba 100,000 (picha 9), dada 80,000 (picha 13). Nje ya kamati: shemeji anadaiwa na mjomba 50,000 (picha 15). Hayajaisha: mchinjaji kaambiwa wawili (picha 10). Pengo: kati ya picha 8 na 9. Mwenye marekebisho aseme leo kabla ya saa mbili usiku.

Haikupita saa moja dada wa Majengo akajibu. Ile 80,000 ilikuwa pesa ya mzigo wa duka, anaihitaji irudi kabla ya Ijumaa, na ahadi yake ataleta yote 150,000 siku hiyo hiyo ya tarehe 20. Shangazi naye akampigia mchinjaji.