“Ile picha niliyokutumia jana”: kinachobaki na kisichobaki

Shangazi yangu ana duka la rejareja Tandika, na madeni ya wateja yote yamo kwenye kaunta buku lililofungwa kwa raba. Jumanne moja usiku alipiga picha ukurasa mmoja wenye mistari tisa, akaituma kwenye ChatGPT na kuomba jumla. Ilikuja 61,400. Akapiga hesabu kwa kikokotoo, ikawa hiyohiyo. Akafunga simu akalala.

Kesho yake mchana, daftari likiwa nyumbani, mteja mmoja akaja kulipa. Shangazi akafungua mazungumzo mapya akaandika: kwenye ile picha ya jana, Mama Chapati anadaiwa ngapi? Jibu likaja bila kusita: jumla ya ukurasa ni 61,400, na Mama Chapati anadaiwa 12,500. Kaunta buku linasema 17,500. Elfu tano hiyo ndiyo iliyomfanya anipigie simu. “Mwanangu, hii kitu si iliiona picha jana? Mbona jumla imeikumbuka?”

Swali lake la pili ndilo lenye uhondo, na nitalifikia. Kwanza la kwanza, maana nalisikia kwa watu wengi.

“Ikishaiona picha, inaijua.”

Haiijui. Modeli, yaani ule mfumo wa akili bandia unaotunga majibu ndani ya ChatGPT, haina mahali inapoweka mambo ya mtu mmoja mmoja kati ya ujumbe na ujumbe. Kinachofanya ionekane inafuatilia maongezi ni kwamba kila unapotuma ujumbe mpya, programu huyafunga mazungumzo yote tangu mwanzo, pamoja na picha iliyomo, na kumpelekea modeli ayasome upya kama mtu aliyeingia chumbani sasa hivi. Ujumbe wa kumi ukienda, tisa ya mwanzo inakwenda nayo. Picha nayo hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba ambazo modeli huzitumia kujibu, na zinafaa maadamu zimo ndani ya kifurushi hicho.

Ukifungua mazungumzo mapya, kifurushi ni kipya. Picha ya jana haimo. Wala hakuna kitu kilichosahauliwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekihifadhi kichwani. Wapo wanaodhani modeli “imejifunza” daftari lao usiku kucha. Kufundisha modeli ni kazi tofauti, hufanywa na kampuni kwa vipindi vyake, na hata pale mazungumzo ya watumiaji yanapotumika kwa kazi hiyo, matokeo yake si modeli inayoweza kukusomea mstari wa tatu wa daftari lako.

“Lakini mimi bado naiona picha kwenye historia.”

Ni kweli unaiona, na hapa ndipo watu wanapokosana na simu zao. Historia ya mazungumzo ni kabati lako kwenye akaunti. Limewekwa ili wewe urudi kusoma, na modeli haiangalii kabati hilo kila inapojibu. Ukiwa ndani ya mazungumzo mapya, picha iko mahali pengine kabisa, ingawa kwako ni kubonyeza mara moja tu kuifikia.

Kwa hiyo dawa nyepesi kuliko zote ni kurudi kwenye mazungumzo yaleyale ya Jumanne na kuulizia hapohapo. Kifurushi kitakwenda na picha ndani yake, na modeli itasoma mstari wa Mama Chapati kwa macho, tuseme hivyo. Shangazi angefanya hivyo asingenipigia simu. Mpaka wake ni urefu: mazungumzo yakiwa marefu mno, sehemu za mwanzo zinaweza kuachwa nje au kufupishwa kuwa maneno machache, na picha iliyotumwa mwanzoni ikawa ya kwanza kupotea. Ukiona imeanza kukosea vitu ilivyovitaja sawasawa saa moja nyuma, tuma picha tena.

“Nimewasha kumbukumbu, kwa hiyo picha imo.”

Sasa tufike kwenye swali la shangazi. ChatGPT ilianza kujaribu kumbukumbu Februari 2024, na Aprili 2025 ikaongezewa uwezo wa kurejea mazungumzo yaliyopita. Kwenye simu ya shangazi ilikuwa imewashwa. Tukaingia `Settings`, kisha `Personalization`, tukafungua orodha ya vitu ilivyovihifadhi. Kulikuwa na maandishi mafupi: ana duka la rejareja, huandika madeni ya wateja kwenye daftari, jumla ya ukurasa ilikuwa 61,400. Basi. Picha hakuna, mistari tisa hakuna, Mama Chapati hakuna.

Kumbukumbu ya aina hii ni karatasi ya vidokezo. Humo mna yaliyoandikwa kwa maneno tu, na karatasi hiyo huingizwa kimyakimya kwenye kifurushi cha mazungumzo mapya. Hata pale programu inapochungulia mazungumzo ya zamani, kinachorudi kwa kawaida ni maneno yaliyosemwa humo. Jumla ilisemwa Jumanne, ikavuka. Deni la Mama Chapati halikusemwa na yeyote. Lilikuwa wino kwenye karatasi, ndani ya picha, na shangazi hakuliulizia. Halikuwa na njia ya kuvuka.

Ndiyo maana napenda kuwaambia watu wasiulize kama kumbukumbu imewashwa. Waulize: jambo hili lilitamkwa kwa maandishi kwenye mazungumzo yale, au lilibaki kwenye picha tu? Rangi ya kalamu, mstari uliokatwa kwa sababu mtu keshalipa, tarehe iliyoandikwa kwa penseli kwenye kona: kama hakuna aliyeviandika, havikwenda popote.

“Imejibu kwa uhakika, maana yake inakumbuka.”

Hii ndiyo iliyokaribia kumla shangazi elfu tano, na ni mbaya kuliko zilizotangulia kwa sababu inajificha nyuma ya ukweli nusu. Jibu lilianza na 61,400, namba sahihi. Mtu akisikia namba sahihi, sikio linalegea kwa ile inayofuata. Kumbe ya kwanza imetoka kwenye karatasi ya vidokezo na ya pili imetungwa. Modeli imeambiwa kuna picha, imeambiwa kuna mteja, imeombwa deni. Kiasi kama 12,500 kinafanana na deni la duka la mtaani. Imejaza pengo kwa kitu kinachoelekea kuwa kweli. Mara nyingine programu itasema wazi kwamba haioni picha yoyote kwenye mazungumzo haya, na hilo ndilo jibu la heri. Usilitegemee kila mara, hasa kama swali lako lenyewe limekaa kama mtu asiye na shaka kwamba picha ipo.

Namna ya kugundua si kuuliza “unaikumbuka?”, kwa sababu ndiyo ni jibu rahisi. Itege. Ulizia kitu kinachoonekana kwenye picha ambacho hakuna aliyekitaja kwa maneno. Sisi tuliuliza kwenye mazungumzo yale mapya: mistari mingapi imekatwa? Ikasema miwili. Kwenye daftari umekatwa mmoja. Kisha ulizia kitu ambacho hakikuwepo kabisa. Shangazi, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameanza kufurahia mchezo, akauliza kile kikombe cha chai kilichoonekana pembeni ya daftari kilikuwa cha rangi gani. Hakukuwa na kikombe. Ikakipa rangi nyeupe. Hapo hauhitaji ushahidi mwingine: haitazami chochote.

(Jaribio la kikombe lifanye ukiwa na picha mkononi. Ukilifanya kwa picha uliyoisahau, mtabaki wawili mnaobuni.)

“Haikumbuki, basi picha imefutika.”

La. Kutoonwa na modeli na kufutwa kwenye akaunti ni mambo mawili. Picha ya daftari yenye majina ya majirani wa shangazi ilibaki kwenye mazungumzo ya Jumanne mpaka alipoyafuta mwenyewe. Na hata alipoyafuta, kidokezo cha 61,400 kilibaki kwenye orodha ya kumbukumbu, kwa sababu hizo ni sehemu mbili. Kila moja hufutwa mahali pake.

“Basi nitatuma tena picha ileile, nitapata jibu lilelile.”

Hii ina ukweli mwingi, ndiyo njia ninayoipendekeza, ila angalia *picha ipi* unatuma. Kabla hatujafuta kitu, shangazi alikuwa ameshamtumia binti yake ukurasa ule kwa WhatsApp, akafuta picha ya kwanza kwenye simu ili kupata nafasi. Tulipotaka kuituma upya ilibidi tuichukue kutoka WhatsApp, na kule picha hubanwa ili isile bando. Kwa macho yangu ilionekana ileile. Mama Chapati akasomwa sawasawa safari hii, 17,500. Lakini jumla ikaja 55,400.

Tofauti ya 6,000 kamili ilitusaidia. Haikuwa mstari uliorukwa, kwa sababu hakuna deni la 6,000 kwenye ukurasa ule. Ikabidi iwe tarakimu moja iliyosomwa vibaya, na tukaipata kwenye mstari wa Fundi Redio: 7,800 ilisomwa 1,800. Kichwa cha saba kilikuwa kimefifia kwenye picha iliyobanwa, ikabaki fimbo. Programu zenyewe pia hupunguza picha kubwa kabla modeli haijaisoma, kwa hiyo ukurasa mzima uliopigwa kutoka mbali huumia mara mbili. Ukisogeza kamera na kupiga nusu ukurasa, kisha nusu nyingine, mwandiko unasomeka vizuri zaidi kuliko kupiga daftari na meza yake.

Kwa hiyo kama unajua utahitaji yaliyomo kesho, kazi hufanywa siku ileile, ndani ya mazungumzo yenye picha. Shangazi sasa hatumi akaomba jumla peke yake. Huandika: niandikie ukurasa huu mstari kwa mstari, jina na kiasi, weka alama kwenye mistari iliyokatwa, na pale pasiposomeka andika “haisomeki” usikisie. Akishapata orodha anailinganisha na daftari, anaisahihisha, anainakili na kujitumia mwenyewe kwa meseji. Keshoye akifungua mazungumzo mapya anabandika orodha hiyo badala ya kutaja “ile picha”. Maneno yanavuka bila kubanwa, na kosa likiwepo linaonekana.

Na saba zake siku hizi anazikata katikati kwa kamstari, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa darasa la tatu na akaacha.