Supa gluu mezani, kwenye sahani na kwenye glasi: yanayosemwa na ukweli wake

Tone la supa gluu likishaganda pasipotakiwa, gundi yenyewe huwa si tatizo kubwa. Kinachoharibu vitu vingi ni dawa inayomwagiwa juu yake bila kuangalia kilicho chini. Mezani, chini ya gundi kuna laka au vanishi. Kwenye sahani kuna ung'avu uliochomwa tanuruni. Kwenye glasi ni kioo kitupu. Ndiyo maana dawa inayoiacha glasi salama inaweza kuivua meza nguo kwa nusu dakika.

"Ikimwagika, wahi kuifuta na maji au pamba"

Supa gluu haigandi kwa kukauka kama rangi. Inaganda ikikutana na unyevu, hata ule mdogo ulioko hewani na juu ya vitu, kwa hiyo kitambaa chenye maji kinaigandisha hapo hapo, tena kikiwa kimeshaisambaza eneo pana zaidi. Pamba ni mbaya kuliko maji: gundi mbichi ikilowesha pamba au kitambaa cha pamba inaganda kwa kasi na kutoa joto la kuunguza vidole, wakati mwingine pamoja na moshi unaowasha macho.

Kama ni dimbwi, lichote kwa ukingo wa kadi ya plastiki, kwa mkupuo mmoja, bila kusugua. Kama ni tone, liache. Lipe saa 24 ligande mpaka ndani, kwa sababu gundi ngumu inabanduka vipande vipande, ilhali iliyoganda nusu inavutika na kupaka.

"Asetoni inaondoa supa gluu, basi ipake mezani"

Nusu ya kwanza ni kweli. Kucha za bandia hubandikwa kwa gundi ya jamii hii hii, na saluni huzitoa kwa kuzilowesha asetoni. Lakini meza nyingi zinazotoka kwa mafundi wa Arusha na Moshi, ziwe za mninga, za mtiki au za mringaringa wa vihambani, hupuliziwa laka iliyochanganywa na tina. Asetoni huyeyusha laka haraka kuliko inavyoyeyusha supa gluu. Utakuta gundi bado ipo, imezungukwa na duara lililonata na kupoteza mng'ao. Tina nayo haina huruma, kwa maana ndiyo iliyoyeyushia laka ile tangu mwanzo.

Kabla ya yote, jua meza yako imepakwa nini. Inama chini ya ukingo, mahali pasipoonekana lakini palipopakwa sawa na juu, udondoshe tone moja la spiriti. Baada ya dakika moja gusa: pakinata, hiyo ni shelaki. Pasiponata, hamia pembeni kidogo na tone la asetoni kwa nusu dakika. Pakinata sasa, ni laka. Pakibaki pagumu, huenda ni vanishi ya kisasa isiyoyeyuka kirahisi, lakini hata hiyo hufifia asetoni ikikaa. Kwa meza, dawa za kuyeyusha ziweke kando. Gundi itolewe kwa ukali wa wembe.

Tuchukue tone la upana wa sentimeta moja lililoganda katikati ya meza ya laka. Vunja wembe katikati kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake, ubaki na nusu yenye makali upande mmoja tu. Zungushia selotepu mkunjo mmoja kila mwisho, uache makali wazi kama sentimeta moja na nusu katikati. Selotepu zitelezee juu ya laka pande zote mbili za tone, na makali yaliyo wazi yapite juu ya gundi peke yake. Simamisha wembe karibu wima, uulaze kidogo kuelekea kwako, na uvute taratibu. Gundi inatoka kama unga mweupe na vinyweleo. Usibonyeze. Wembe ukiacha kutoa kitu, selotepu zimeshafika chini, na kilichobaki ni utando mwembamba kama unywele.

Utando huo unamalizwa kwa msasa wa maji namba 1000 uliofungwa kwenye kifutio cha shule, pamoja na maji yenye tone la sabuni. Sugua juu ya gundi tu, ukifuta kila baada ya misuguo kumi kuangalia. Gundi huonekana kama kisiwa kinachong'aa kuliko laka inayokizunguka. Kisiwa kikitoweka, acha hapo hapo. Ukiona unga umegeuka rangi ya mbao, umeshapita laka, na kazi hiyo sasa ni ya fundi mwenye pampu ya kupulizia. Malizia na msasa namba 2000, kisha kompaundi ya gari kwa kitambaa laini mpaka mng'ao ulingane.

Kwa meza isiyopakwa laka, iliyolishwa mafuta tu, gundi huwa imezama kwenye vinyweleo vya mbao. Asetoni hapo huilainisha na kuizamisha zaidi. Piga msasa eneo lote, halafu rudisha mafuta.

"Pasi ya moto inailegeza"

Joto kweli hulegeza gundi hii, ila huacha duara jeupe kwenye laka hata kabla ya gundi kulegea, na mvuke wa gundi iliyopata moto unachoma macho na koo. Pasi ibaki kwenye nguo.

"Sahani ikishapata supa gluu, kwangua kwa kisu au steelwaya"

Hapa ndipo asetoni inapofaa. Ung'avu wa sahani umechomwa tanuruni na haujali asetoni. Unachoogopa ni kukwaruzwa, hasa ukingo wa dhahabu na maua yaliyochorwa juu yake. Nunua asetoni duka la vipodozi, na usome lebo: dawa nyingine za kutoa rangi ya kucha hazina asetoni kabisa na zitakupotezea jioni nzima. Lowesha kipande cha pamba, kilaze juu ya gundi iliyokwisha kuganda, ukifunike kwa foili. Bila kifuniko asetoni hupaa kabla haijafanya kazi. Baada ya dakika 15 gundi inakuwa nyeupe na laini kama utando wa uji. Isukume kwa kadi ya plastiki, urudie mara mbili tatu, kisha osha kwa sabuni. Fungua dirisha, na jiko la mkaa au la gesi lisiwe linawaka, maana mvuke wa asetoni hushika moto hata ukiwa mbali na chupa.

Ile duara ya chini isiyo na ung'avu hunywa gundi, na alama yake inaweza isitoke yote.

"Glasi itumbukize kwenye maji yanayochemka"

Asubuhi ya Julai Arusha, glasi iliyolala kabatini ni baridi kweli kweli, na maji ya moto yataipasua kabla gundi haijaguswa. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni usiku kucha. Supa gluu haishiki vizuri kwenye kioo kinachokaa majini, na asubuhi mara nyingi inanyanyuka kwa ukucha. Ikikataa, pitisha wembe mpya uliolazwa karibu kugusa kioo, huku kioo kikiwa na maji ya sabuni. Wembe mkavu ndio unaoacha mikwaruzo.

Asetoni pia inafaa, mradi una hakika ni kioo. Igonge kwa ukucha: plastiki hutoa sauti butu na haina ubaridi mkononi, na tone moja la asetoni litaifanya iwe na ukungu usiofutika.