Kusema ukweli na kukiri hadharani: maana yake

Mwaka 1994 Mto Kagera ulishusha Ziwa Victoria maelfu ya maiti za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Upande wa Uganda wavuvi waliziopoa, zikazikwa kwenye makaburi ya pamoja, kama pale Kasensero. Watu wa ziwani walijua kilichotokea. Familia za huko Rwanda zilibaki na swali lao: mtu wetu alitupwa wapi, na nani?

Kusema ukweli ni kujibu swali hilo. Kukiri hadharani kunaenda mbali zaidi: mhusika anasimama mbele ya waliodhurika na kutamka kwamba jambo lilitendeka, lilikuwa kosa, naye alishiriki. Jambo laweza kujulikana na kijiji kizima bila kukiriwa. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu yakifanywa ushahidi, ilhali ni moshi wa jikoni. Majirani huwa wanajua nani alimtaja bibi huyo. Wasichosema mbele za watu ni kwamba hakuwa mchawi, na bila maneno hayo wajukuu wanabaki na jina la ukoo wa wachawi.

Sheria ya Rwanda ya 2004 kuhusu mahakama za gacaca, mabaraza ya wananchi yaliyosikiliza kesi za mauaji hayo ya kimbari, iliweka vipimo vya ungamo. Muungamaji alitakiwa aeleze alifanya nini, wapi, lini na vipi, nani waliuawa, maiti zilitupwa wapi na nani walishirikiana naye, kisha aombe radhi. Majirani waliokaa pale waliweza kumpinga. Familia nyingi zilifukua ndugu zao na kuwazika kwa heshima kutokana na maelezo hayo.

Lakini ungamo lilipunguza kifungo, na hapo ndipo lilipoharibika. Wengine walikiri dogo wakaficha kubwa, au wakawatwisha lawama wafu na waliokimbia. Wengine walilipwa wabebe makosa ya wenzao. Dalili huonekana kwenye kauli yenyewe: mtu anayesema “aliuawa” badala ya “nilimuua”, na washirika anaowataja wote ni marehemu, bado hajakiri. Mashahidi nao walitishwa, baadhi wakauawa. Makosa ya askari wa RPF, upande ulioshinda vita, hayakuwekwa mbele ya gacaca, kwa hiyo kuna waliofiwa ambao hawakusikilizwa.

Kijijini kwetu mkutano wa kukiri hauna mamlaka ya kusamehe mauaji. Kesi inabaki polisi na mahakamani, na anayekiri aambiwe hivyo kabla hajafungua mdomo. Familia ya marehemu ikutane kwanza na wazee faraghani, iamue nini kisemwe mbele ya watu na nani asiwepo. Asilazimishwe mtu kupeana mkono. Mjukuu ana haki ya kusikia, kunyamaza, na kurudi nyumbani bila kusamehe.