Santuri iliyojificha chini ya biti

"Nikiisikilizisha simu ngoma ya rap yenye saksofoni ya zamani ndani yake, inanitajia ngoma ileile ya rap. Hiyo rekodi ya zamani nitaipataje?"

Simu haijakosea, imejibu ilichoulizwa. Programu ya kutambua nyimbo huchukua sekunde chache za sauti, huokota milio inayojitokeza zaidi, huandika kila mlio una wembamba gani na unaufuata mwingine baada ya muda gani, halafu hutafuta rekodi yenye mpangilio huohuo. Mpangilio ulioisikilizisha ni wa ngoma ya rap, na rekodi hiyo inayo. Kazi ya kuitafuta santuri ya chini inabaki kwako.

Hapo wengi hukimbilia majina ya watunzi yaliyoandikwa kwenye albamu, na ndipo wanapopotea. Dhana ni kwamba ukimjua mtunzi umeijua rekodi. Lakini utunzi ni kitu kimoja na rekodi ni kingine. Utunzi ni maneno na melodi, na unaweza kupigwa na bendi ishirini. Rekodi ni sauti za watu fulani, siku fulani, mbele ya maikrofoni. Prodyuza anayesampo, yaani anayechukua kipande cha muziki wa zamani akakitia kwenye biti lake, hakati utunzi, anakata rekodi.

Chukua "They Reminisce Over You" ya Pete Rock na CL Smooth, ya mwaka 1992. Saksofoni inayozunguka humo inatoka kwenye wimbo uitwao "Today". Wimbo huo ulitungwa na Marty Balin na Paul Kantner wa Jefferson Airplane, nao wakautoa mwaka 1967. Anayefuata watunzi huifungua albamu ya Jefferson Airplane, husikiliza wimbo wa mapenzi wa taratibu, mtulivu, wenye gitaa, mwanzo hadi mwisho, na saksofoni haioni. Akikata tamaa hapo atasema aliyemwelekeza amedanganya. Kumbe mwaka huohuo wa 1967 mpiga saksofoni Tom Scott aliurudia wimbo huo pamoja na waimbaji waitwao California Dreamers, na kipande kilichosampiwa kimo kwenye toleo lake. Tom Scott hakuutunga wimbo, kwa hiyo kwenye orodha ya watunzi hana nafasi, ingawa pumzi inayosikika ni yake.

Basi jina la mtunzi lichukulie kama mlango tu. Ukishalipata, tafuta waliourudia wimbo huo. Tovuti ya SecondHandSongs hukusanya matoleo ya wimbo mmoja yaliyopigwa na watu mbalimbali, na Discogs hukuonyesha santuri zenyewe, mwaka wake na wapigaji wake. Kisha sikiliza yale yaliyotoka kabla ya ngoma ya rap na yenye ala unayoitafuta. Tovuti ya WhoSampled, inayoorodhesha nani amesampo nini, nayo hufupisha safari sana, ila maingizo yake huletwa na wapenzi wa muziki, na si kila moja limethibitishwa na aliyetengeneza biti.

Tatizo kubwa huja usipokuwa na jina lolote. Hapo inabidi uirudishe sauti ilivyokuwa kabla ya prodyuza kuishika, na kwanza ujue aliifanya nini.

Andika neno kwenye ukanda wa mpira, kisha uvute. Herufi zinapanuka, na nafasi kati yake zinapanuka kwa kiwango kilekile. Huwezi kuvuta nafasi ukaziacha herufi. Santuri iko hivyo. Ukiizungusha haraka, mwendo unakuwa wa kasi na sauti inakuwa nyembamba kwa pamoja, maana mwendo na wembamba vimechorwa kwenye mfereji mmoja. Mashine za zamani za kusampo zilifuata sheria hiyohiyo. Hii ndiyo sababu hata pale kipande cha zamani kinaposikika peke yake, simu mara nyingi haikitambui: milio yote imehama pamoja, ilhali katalogi ina ile ya mwanzo.

Kulikuwa na sababu ya kibahili pia ya kubadili mwendo. Mashine ya E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 tu za sauti. Kwa hiyo maprodyuza walikuwa wakicheza santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika kwa kasi ya mizunguko 45, wakaingiza sauti iliyobanwa, kisha wakaipunguza mwendo ndani ya mashine. Sekunde 13.5 za muziki ziliingia kwenye nafasi ya sekunde 10. Sauti iliyotoka ilikuwa na mikwaruzo kama ya mchanga, ambayo leo watu huitafuta kwa makusudi. Nayo haikurudi lazima pale ilipoanzia, kwa kuwa prodyuza alisimamisha mwendo pale biti lilipomkalia vizuri.

Kuirudisha, anza kwa kuchagua kipande kisicho na rapa. Mwanzo kabla ngoma hazijaingia, mwisho zinapotoka, au toleo la biti tupu kama lipo. Kifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na utumie `Change Speed and Pitch`, ambayo matoleo ya zamani huiita `Change Speed`. Usitumie `Change Tempo` wala `Change Pitch`, kwa kuwa hizo hutenganisha herufi na nafasi zake. Kama sauti imekaa nyembamba mno, weka kizidishio 0.944, ambacho hushusha nusutoni moja, kisha 0.891, kisha 0.841, kila mara ukianzia kwenye kipande kisichoguswa. Ukishuku kwamba santuri ya 33⅓ ilichezwa kwa 45 na mwendo haukupunguzwa tena, jaribu 0.741 moja kwa moja.

Utajuaje umefika? Sikiliza mtetemo wa mwimbaji anaposhikilia noti ndefu. Kwa kawaida hutikisika mara 5 hadi 6 kwa sekunde. Ukiongeza mwendo kwa kiwango cha 33⅓ hadi 45, mtetemo wa 5.5 unakuwa kama 7.4, na mwimbaji anasikika kama katuni. Ndivyo sauti ya Chaka Khan kutoka "Through the Fire" ya 1984 inavyochirizika ndani ya "Through the Wire" ya Kanye West ya 2003. Mtetemo ukitulia na pumzi zikawa za mtu mzima, isikilizishe simu tena. Njia hii haisaidii sana pale kipande kilipokatwakatwa na kupangwa upya, wala pale prodyuza alipotumia kompyuta kubadili wembamba bila kugusa mwendo.

Ukipata jina, bado hujamaliza, kwa sababu huenda wanamuziki waliupiga upya muziki ule bila kusampo chochote. "Rapper's Delight" ya 1979 ndivyo ilivyofanywa: watu husema imesampo "Good Times" ya Chic, lakini besi na mapigo yake yalipigwa upya studio. Ili kutofautisha, weka rekodi mbili kwenye mistari miwili ya Audacity, rekebisha mwendo mpaka pigo la kwanza na la mwisho vikutane, halafu tazama mapigo ya katikati. Rekodi ikiwa moja, yanaangukia mahali pamoja, na makosa nayo yanalingana: kidole kilichoteleza, pumzi kabla ya noti, pigo lililochelewa kidogo. Ikiwa imepigwa upya, mapigo yanatangulia hapa na kubaki nyuma pale, hata mwendo ukiulinganisha vipi, kwa sababu hakuna mpigaji anayechelewa kwa kiasi kilekile mara mbili.