Afisa Mpya wa Ununuzi: Kwa Nini Ankara Yako Isubiri Mzigo Uhesabiwe

Wengi wenu mnaotuuzia bidhaa mlizoea kupigiwa simu. Mtangulizi wangu alikuwa akimpigia mzee wa sabuni kule Eneo la Viwanda saa mbili asubuhi, "Mzee, leta arobaini," na kabla ya saa sita pikapu imeshafika langoni. Mimi ndiye niliyeshika nafasi yake katika idara ya ununuzi ya hospitali yetu hapa Nairobi. Kuanzia tarehe mosi mwezi ujao simu ya namna hiyo haitakuwa oda tena. Nitapiga kuuliza bei, au kama mzigo upo. Oda yenyewe ni LPO iliyoandikwa, yenye nambari, idadi, bei na sahihi mbili.

Lakini msiniamini upesi. Barua ya "afisa mpya" ni chambo kinachopendwa sana na matapeli: inakuja na LPO yenye nembo safi, oda ni nono, na mzigo unatakiwa upelekwe kwenye ghala usilolijua. Kwa hiyo ukipata ujumbe wangu, usipige nambari iliyo ndani yake. Piga ile ya mapokezi uliyokuwa nayo tangu zamani, uulize kama nipo na kama LPO ya nambari hiyo imetoka kwetu. Sitaudhika. Sisi pia, ukituandikia kwamba umebadilisha akaunti ya benki, tutakupigia kwa nambari ya zamani kabla ya kukulipa.

Sasa nieleze kinachochelewesha malipo, maana hapo ndipo lawama nyingi zilipo. Mhasibu wetu halipi kwa kuangalia ankara peke yake. Anaweka karatasi tatu mezani: LPO inayosema tuliagiza nini, hati ya deliveri iliyosainiwa na mtunza stoo inayosema tulipokea nini, na ankara inayosema unadai nini. Zikitofautiana hata kwa mtungi mmoja, faili linarudi kwangu.

Tuchukue sabuni hiyo hiyo. LPO inasema mitungi 40 ya lita 20, kila mmoja shilingi 1,500 kabla ya kodi. Hiyo ni shilingi 60,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 16, ambayo ni 9,600, jumla inakuwa 69,600. Muuzaji anataka kuwahi foleni ya malipo, kwa hiyo anatoa ankara ya eTIMS dukani kabla gari halijawasha injini. Mzigo unafika, mtunza stoo anahesabu, anakuta mitungi miwili ina vifuniko vilivyopasuka na sabuni imevuja kwenye katoni. Anairudisha, anaandika 38 kwenye deliveri, dereva anasaini.

Deni halisi sasa ni 57,000 na VAT ya 9,120, yaani 66,120. Ankara bado inadai 69,600. Zamani ungekata kwa kalamu ukaandika tarakimu mpya pembeni. Ankara ya eTIMS ikishafika KRA haifutiki wala haikatwi kalamu. Inabidi utoe noti ya krediti ya shilingi 3,480 inayotaja nambari ya ankara ya kwanza. Usipoitoa, si sisi tu tutakaokwama: kwenye hesabu za KRA wewe umeuza mitungi 40, na utadaiwa VAT ya shilingi 480 kwa mitungi miwili iliyorudi nyumbani kwako.

Ndiyo maana naomba mpangilio ugeuzwe. Leta mzigo ukiwa na hati ya deliveri yenye nambari ya LPO. Subiri uhesabiwe mbele ya dereva wako, asikubali kuambiwa "acha tu, tutahesabu kesho." Ukipata nakala iliyosainiwa, hapo ndipo utoe ankara, ya kile kilichopokelewa tu. Mitungi miwili iliyobaki haipotei: LPO inabaki wazi mpaka uilete, kisha unatoa ankara yake ndogo.

Najua wapo walioleta mzigo kwa simu ya mtangulizi wangu na hawajalipwa. Wameniomba niwatengenezee LPO ya tarehe ya nyuma. Siwezi, na msikubali mtu yeyote awafanyie hivyo. Mkaguzi hutazama mfuatano wa nambari, na LPO namba 212 haiwezi kuwa na tarehe ya mapema kuliko namba 190. Njia iliyopo ni ndefu kidogo. Niletee deliveri yako ya asili yenye sahihi ya stoo. Idara iliyotumia bidhaa itathibitisha kwa maandishi kwamba ilizipokea, kisha mkurugenzi wa fedha ataidhinisha deni likiwa na tarehe yake ya kweli. Wenye deliveri zilizofifia au kuloa wazilete hivyo hivyo. Mtunza stoo ana kitabu chake cha mapokezi, na tutakifungua pamoja tutafute siku mzigo ulipoingia.